Lugha gongana: Kwa nini chaja ya wati nyingi huchaji simu kwa mwendo wa kobe

MNUNUZI anayeingia katika duka la vifaa vya simu kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au anayesimama mbele ya kibanda chochote kando ya steji ya matatu, hukaribishwa na nambari. Chaja hii ni ya wati 33, ile ni ya wati 65, na nyingine iliyo ndani ya kijisanduku chenye picha ya radi inadai kuwa ya wati 120.

Akifika nyumbani, mambo huenda kinyume. Chaja ya wati 65 inaweza kuchukua zaidi ya saa nne kuijaza simu ambayo chaja ya wati 25 iliyoundiwa simu hiyo huijaza chini ya saa moja na nusu. Kesho yake anaazima waya wa jirani na kasi inapanda ghafla. Keshokutwa jirani mwenyewe anachomeka simu yake katika chaja iyo hiyo, na simu hiyo inachaji polepole kuliko ilivyozoea.

Katika hali kama hii, ni rahisi kuilaumu stima, kudai kuwa betri imezeeka au kushuku kuwa simu ni bandia. Wapo wanaokimbilia kwa fundi kubadilishiwa betri isiyokuwa na kasoro yoyote, na wapo wanaonunua chaja ya tatu na ya nne wakitumaini kuwa nambari kubwa zaidi itawatoa katika kero hiyo.

Ukweli ni kwamba kasi ya kuchaji haimo ndani ya chaja pekee, wala haimo ndani ya simu pekee. Ni matokeo ya maafikiano baina ya vitu vitatu: chaja, waya na simu. Kimoja kisipoielewa lugha ya vingine, vyote hurudi katika kiwango cha chini kabisa kinachoeleweka na wote, na hufanya hivyo kimyakimya pasipo kumwarifu mwenye simu.

Tatizo hili limekuwa la kila nyumba kwa sababu watengenezaji walianza kuuza simu bila chaja. Kampuni ya Apple iliondoa chaja katika kasha la iPhone 12 mnamo Oktoba 2020, na Samsung ikafuata na Galaxy S21 mnamo Januari 2021. Tangu wakati huo, jukumu la kuoanisha vifaa hivyo vitatu limeachiwa mnunuzi, ambaye hakuna aliyemfunza kazi hiyo.

Kila kitu huanza na volti 5

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti, ambazo ni msukumo wa umeme, na ampea, ambazo ni wingi wa umeme unaopita. Chaja inayotoa volti 9 na ampea 2.77 ni ya wati 25 hivi. Ile inayotoa volti 5 na ampea 2 ni ya wati 10.

Mfumo wa USB ulibuniwa kwa ajili ya kompyuta, na umeme wake ulikuwa mdogo: volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 tu. Mnamo 2010 kanuni mpya za kuchaji betri ziliruhusu chaja ya ukutani kutoa hadi ampea 1.5 kwa volti zizo hizo 5, sawa na wati 7.5. Simu hutambua chaja ya aina hii kwa ishara sahili: ndani ya chaja, nyuzi mbili za data huwa zimeunganishwa pamoja.

Hadi leo, kila chaja ya USB iliyoundwa ipasavyo huanza kwa kutoa volti 5, hata kama imeandikwa wati 120. Haipandishi volti hizo hadi simu iombe. Hii ndiyo sababu chaja kubwa ya kompyuta haiunguzi simu ndogo. Simu ndiyo huamua, na isipoomba hupewa kile cha msingi.

Swali basi ni hili: simu huomba kwa lugha gani? Hapo ndipo mgogoro unapoanzia.

Lugha nne

Lugha ya kwanza ilienezwa na kampuni ya Qualcomm, inayounda chipu za simu, kwa jina Quick Charge. Toleo lake la pili, lililotangazwa mnamo 2013, hutumia nyuzi mbili za data kama kengele. Simu huweka volti ndogo ndogo katika nyuzi hizo kwa mpangilio maalumu, nayo chaja husoma mpangilio huo na kupandisha umeme hadi volti 9 au 12. Samsung ilikuwa na mfumo wake uliofanana sana na huu, wa volti 9 na ampea 1.67, yaani wati 15.

Lugha ya pili ilifuata njia tofauti kabisa. Mnamo 2014 kampuni ya Oppo ilizindua mfumo uitwao VOOC. Badala ya kuongeza volti, Oppo ilizibakisha kuwa 5 na kuongeza ampea hadi 4. Ili ampea nyingi hivyo zipite salama, ilibidi waya uwe mnene na kichwa chake kiwe na sehemu za ziada za kupitishia umeme. Chaja, waya na simu za mfumo huu hutambuana, na kimoja kikikosekana kasi hiyo hupotea.

Lugha ya tatu ililetwa na tundu la USB-C, lile la duara dufu linalokubali kichwa cha waya upande wowote, ambalo vipimo vyake vilichapishwa mnamo 2014. Tundu hili lina pini maalumu ya mazungumzo isiyokuwamo katika tundu la zamani la mstatili, liitwalo USB-A. Kupitia pini hiyo, chaja na simu hutumiana ujumbe kamili wa kidijitali kwa utaratibu ujulikanao kama PD. Chaja husema: nina volti 5, nina volti 9, nina volti 15, nina volti 20. Simu huchagua.

Lugha ya nne ni lahaja ya hiyo ya tatu. Huitwa PPS, na iliongezwa katika kanuni za PD mnamo 2017. Badala ya kuchagua kati ya ngazi tatu au nne, simu huweza kuomba volti ikipanda au kushuka kwa hatua za volti 0.02, na kubadili ombi lake tena na tena kadiri betri inavyojaa.

Lahaja hii ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chaja ikitoa volti 9 zisizobadilika, chipu iliyo ndani ya simu ndiyo hulazimika kuzishusha hadi volti 4 hivi za betri, na kazi hiyo huzaa joto. Simu inapokwepa joto hulazimika kupunguza kasi. Kwa PPS, chaja hufuata betri hatua kwa hatua, kazi ya kushusha volti inakuwa nyepesi, na simu inathubutu kupokea umeme mwingi zaidi.

Jambo la kutilia maanani ni kuwa kujua lugha moja si kujua zote. Ipo chaja inayozungumza tatu kati ya hizi, na ipo isiyojua hata moja. Kasha lake, hata hivyo, huonyesha wati tu.

Simu moja, chaja nne

Tuchukue mfano wa simu ya Samsung ya kiwango cha wati 25 yenye betri ya 5,000 mAh. Betri kama hiyo huhifadhi umeme wa takriban wati 19 kwa saa moja. Ili kufikia wati 25, simu hii huhitaji chaja inayojua PPS.

Tuanze na chaja yake halali ya wati 25, na waya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili. Mazungumzo yanakwenda sawa, na skrini inaandika Super fast charging. Katika dakika 10, ikiwa betri ilikuwa na asilimia 20 au 30 na skrini imezimwa, simu huongeza asilimia 17 hivi.

Sasa tubadilishe chaja tu. Tuweke ya wati 65 iliyoundwa kwa ajili ya kompyuta ya mkononi, yenye PD lakini isiyo na PPS. Chaja inatangaza volti zake, simu inatafuta PPS na kuikosa, kisha inachagua volti 9 za kawaida na kuridhika na wati 15 hivi. Skrini inaandika Fast charging. Dakika 10 zinaongeza asilimia 10 au 11. Chaja imeongezeka ukubwa zaidi ya maradufu, ilhali kasi imepungua kwa takriban asilimia 40.

Hali ya tatu ni chaja iyo hiyo ya wati 65, lakini yenye matundu mawili, moja la USB-C na jingine la USB-A. Mtumiaji anachomeka waya wake wa zamani katika lile la USB-A. Tundu hilo halina pini ya mazungumzo, kwa hivyo PD haiwezi kupita humo kamwe. Ikiwa mtengenezaji aliweka Quick Charge katika tundu hilo, simu itapata wati 15 kwa njia ya nyuzi za data. Ikiwa hakuweka, simu itabaki na volti 5, na wati 10 zitakuwa bahati.

Hali ya nne ni hiyo ya tatu, waya ukiwa ule mwembamba wa kununuliwa kibandani. Hapo wati zinaweza kushuka hadi 5. Skrini inaandika Charging au Cable charging, dakika 10 zinaongeza asilimia 3 au 4 tu, na betri inahitaji zaidi ya saa nne kujaa. Hii ndiyo ile chaja ya wati 65 tuliyoanza nayo. Haina kasoro. Imekosa wa kuzungumza naye.

Simu ya jirani nayo ina maelezo yayo hayo. Ikiwa ni ya VOOC, chaja ya kompyuta haiujui mfumo huo, na hata chaja ya Samsung haiujui. Simu hiyo hurudi katika wati 10, au 18 iwapo mtengenezaji wake aliiwekea PD kama lugha ya pili. Aliyezoea kuijaza kwa dakika 40 atadhani imeharibika.

Uzi mwembamba

Kufikia hapa tumeuchukulia waya kama mfereji tu. Hata hivyo, waya una mambo mawili yanayoweza kubadili kila kitu: nyuzi zilizomo na unene wake.

Kuhusu nyuzi, waya kamili wa USB huwa na mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya nyaya za bei ya chini kabisa zina zile mbili za umeme pekee. Waya wa aina hii hauwezi kupitisha ishara za Quick Charge, na huenda simu ikashindwa hata kutambua kuwa imeunganishwa na chaja ya ukutani, hivyo kupokea ampea 0.5 tu. Njia ya kuubaini ni kuiunganisha simu na kompyuta. Iwapo kompyuta haioni picha wala faili zozote hata baada ya kuruhusu kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa kuwa nyuzi za data hazimo.

Kuhusu unene, hesabu yenyewe si ngumu. Uzi wa shaba wa kiwango cha 28 AWG, ambao kipenyo chake ni milimita 0.32, una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, hivyo waya wa mita moja una ukinzani wa omu 0.42.

Ampea 2 zikijaribu kupita humo, volti 0.84 hupotea njiani na kugeuka joto. Chaja imetoa volti 5, lakini simu inaona 4.16. Betri yenyewe ikikaribia kujaa huwa na zaidi ya volti 4.3, na umeme hauwezi kupanda mlima kutoka volti za chini kwenda za juu.

Simu hujilinda kwa kupunguza ampea hadi volti zipande tena. Tuseme imewekewa kiwango cha volti 4.5. Itashusha ampea hadi 1.2 hivi, na 1.2 mara 4.5 ni wati 5.4. Hiyo ndiyo asili ya zile wati 5 za hali ya nne.

Sasa upitishe volti 9 katika waya uo huo mbovu. Kwa ampea 1.67, upotevu ni volti 0.7, na simu inapokea volti 8.3, yaani karibu wati 14 kati ya 15. Waya uliolemaza kuchaji kwa volti 5 haudhuru sana kwa volti 9. Ndiyo maana mtu huapa kuwa waya wake ni mzuri kwa sababu unafanya kazi vyema na chaja moja, na mwenzake akaapa kuwa ni mbovu baada ya kuujaribu kwa nyingine. Wote wawili wanasema kweli.

Nyaya nyingine hutengenezwa kwa alumini iliyopakwa shaba juu juu. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, kwa hivyo waya huo hupoteza zaidi hata ukiwa na unene sawa. Urefu nao una gharama yake: waya wa mita mbili hupoteza maradufu ya ule wa mita moja.

Nyaya zenye USB-C pande zote mbili zina mpaka wa ziada. Kanuni huziruhusu kubeba ampea 3. Ili kubeba ampea 5, ni lazima waya uwe na chipu ndogo katika kichwa chake inayotangaza uwezo huo. Simu na chaja zinazotaka zaidi ya ampea 3 husoma chipu hiyo, na zisipoiona hubaki hapo. Mwenye simu na chaja za wati 45 zinazotegemea ampea hizo, anayetumia waya wa kawaida, hupata wati 25 hivi na kushangaa.

Waya unaodanganya

Polepole si madhara pekee ya lugha gongana. Yapo mabaya zaidi, nayo hutokea pale kifaa kimoja kinapoahidi kisichoweza kutekelezwa.

Waya wenye USB-A upande mmoja na USB-C upande wa pili hutakiwa kuwa na rezista ya kilo-omu 56 ndani ya kichwa cha USB-C. Rezista hiyo huiambia simu kuwa upande wa pili kuna tundu la kawaida, na isivute ampea nyingi bila ishara nyingine. Mtengenezaji akiweka ya kilo-omu 10, kwa uzembe au kwa kutojua, simu husoma kuwa imeruhusiwa ampea 3. Itajaribu kuzivuta hata kutoka kwa chaja ya ampea 1 au tundu la kompyuta.

Mnamo Novemba 2015, mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za aina hii katika duka la mtandaoni la Amazon na kuzipima moja baada ya nyingine. Aligundua kuwa nyingi zilikuwa na rezista isiyofaa. Mapema mwaka uliofuata, waya mmoja ambao nyuzi zake za umeme zilikuwa zimeunganishwa kinyume uliharibu kompyuta aliyokuwa akiitumia kupimia. Kufikia mwisho wa Machi 2016, Amazon ilikuwa imepiga marufuku nyaya za USB-C zisizozingatia kanuni.

Chaja nzuri ikielemewa hujizima yenyewe. Mtumiaji huona simu ikianza kuchaji, ikikatika, ikaanza tena kila baada ya sekunde chache. Chaja mbovu haijizimi bali hupata moto. Ishara nyingine ya chaja duni ni skrini inayojigusa yenyewe au kukataa kidole wakati wa kuchaji, kwa sababu umeme unaotoka haujachujwa vizuri. Chaja yenye dalili hizo haifai kuvumiliwa kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Upande wake mmoja una stima ya volti 240.

Namna ya kutambua

Msomaji hahitaji kuwa fundi ili kujua ni kipi kati ya vitatu kinachomkwamisha. Cha kwanza ni kupuuza nambari kubwa iliyo juu ya kasha na kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye chaja yenyewe, baada ya neno Output.

Chaja ya Samsung ya wati 25 huandikwa hivi:

```
PDO: 5.0V 3.0A / 9.0V 2.77A
PPS: 3.3-5.9V 3.0A / 3.3-11.0V 2.25A
```

Mstari wa pili ndio unaoiambia simu hiyo kuwa imefika nyumbani. Chaja iliyoandikwa 5V 2A pekee ni ya wati 10, hata kasha lake liwe na radi ngapi. Na chaja yenye matundu mawili huweza kuandikwa wati 65, ilhali hizo ni jumla. Ukichomeka simu ya pili hugawana, na kuchaji kwa ile ya kwanza hukatika kidogo na kuanza upya kwa kiwango cha chini.

Waya nao mara nyingi huwa na maandishi mgongoni. Ukiona 28AWG/1P 24AWG/2C, maana yake ni kuwa jozi moja ya data ni nyembamba, na nyuzi mbili za umeme ni nene zaidi, jambo ambalo ndilo linalotakiwa. Uzi wa 24 AWG una ukinzani wa chini ya nusu ya ule wa 28. Kadiri nambari inavyopungua, ndivyo unene unavyoongezeka.

Baada ya kusoma, jaribu. Hakikisha simu iko kati ya asilimia 20 na 50, zima skrini, chaji kwa dakika 10 kwa saa, na uandike asilimia zilizoongezeka. Kisha badilisha kitu kimoja tu: waya, au chaja, au tundu. Anayebadilisha viwili kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomponya. Kama waya mwingine unapandisha kasi, tatizo ni waya. Kama nyaya tatu tofauti zinatoa jibu lile lile, angalia lugha ya chaja.

Ni muhimu pia kutambua mipaka ya jaribio hili. Simu yoyote hupunguza kasi yenyewe ikipita asilimia 80 hivi, na hufanya vivyo hivyo ikipata joto, iwe juani kwenye dashibodi ya gari au mtu akiitazamia video huku ikichaji. Vumbi lililoshindiliwa katika tundu la simu nalo huzuia kichwa cha waya kugusa vizuri. Kabla ya kumshtaki muuzaji, hayo yaondolewe kwanza.

Sheria ina kazi

Umoja wa Ulaya umejaribu kuutatua mkanganyiko huu kwa sheria. Agizo lake la 2022, lililoanza kutumika kwa simu mnamo Desemba 28, 2024, linataka simu ziwe na tundu la USB-C, na zile zinazochaji kwa zaidi ya wati 15 ziwe zinaijua PD. Kampuni zinaruhusiwa kubaki na lugha zao, mradi lugha hizo zisiizuie PD kufanya kazi kikamilifu.

Agizo hilo halikumaliza kila kitu. Tundu likiwa moja haimaanishi kasi ni moja, kama tulivyoona katika chaja ya wati 65 isiyo na PPS. Lakini kuna kipengele kimoja ambacho Kenya ingefaa kukiiga bila kusubiri: kasha la simu hutakiwa kubeba alama inayotaja wati za chini na za juu ambazo simu inahitaji, na kama inaielewa PD.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa Mkenya haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili kufaidika nazo. Nambari ya wati pekee haitimizi haki hiyo. Muhuri wa ubora nao, hata ukiwa halali, haumwambii mnunuzi kuwa chaja aliyoishika inazungumza lugha gani. Mistari miwili juu ya kasha, inayotaja volti, ampea na lugha, ingetosha, na haingemgharimu mwagizaji bidhaa zaidi ya wino.

Anayeumia kwa kukosa mistari hiyo si yule mwenye soketi katika kila chumba. Ni wakala wa M-Pesa ambaye stima imemrudia kwa nusu saa kabla ya kupotea tena, na mwendeshaji bodaboda anayeomba kuchaji hotelini huku akinywa chai. Kwa hao, asilimia 50 au asilimia 10 katika nusu saa hiyo ni tofauti kati ya siku ya kazi na siku iliyopotea.

Hadi mistari hiyo itakapoandikwa, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akikutajia wati, mwombe akuonyeshe maandishi madogo kwanza.